Mtani Ana Kinga, Mwamuzi Hana: Lugha ya Jukwaani Siku ya Simba na Yanga

Shabiki wa Simba hapendi kulitaja jina la Yanga. Atasema Utopolo, au Uto kwa kifupi, au vyura, na wazee bado wana kandambili yao ya zamani. Wa Yanga naye ana mikia, ana makolo, ana mbumbumbu. Hakuna kati ya majina haya lililo la heshima, na bado watu wawili wa rangi tofauti wanaitana hivyo asubuhi mpaka jioni kazini, wanakaa daladala moja kurudi nyumbani, na kesho yake wanaendelea. Neno lile lile likitoka kwa mtu mwingine, au likielekezwa kwa mtu mwingine, linaleta ngumi. Tofauti hiyo haikai ndani ya neno, na ndiyo ninayotaka kuifuata hapa, kwa sababu mijadala mingi kuhusu matusi viwanjani huishia kwenye orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku, na orodha hizo hazijawahi kufanya kazi.

Tuanze na jina moja. Vyura limetoka kwenye jiografia. Makao makuu ya Yanga yako Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi, na mvua kubwa zikinyesha Dar es Salaam eneo lile hujaa maji. Watani wakaona: wanaoishi kwenye maji ni akina nani? Jina likakaa. Kinachonifurahisha ni kwamba mto unaoleta mafuriko hayo una jina moja na mtaa wa Simba, kwa hiyo shabiki wa Yanga mwenye ulimi mwepesi ana jibu tayari: maji yenyewe ni ya kwenu. Utopolo ni tofauti, limeokotwa mtaani, ambako maana yake ni upuuzi, kitu kisicho na maana. Halisemi lolote mahususi kuhusu Yanga, na ndiyo maana linaweza kutumika baada ya kila mechi, iwe limefungwa bao au zimekosekana pasi tatu.

Ukiyapanga majina haya pamoja utaona jambo ambalo mashabiki wanalifanya bila kufundishwa. Majina ambayo klabu zinajiita zenyewe yako kwenye ngeli ya watu: Wananchi, Wana Jangwani, Wekundu wa Msimbazi. Majina ambayo zinaitwa na wapinzani yanawatoa watu kwenye ngeli hiyo: mikia, makolo, vyura, utopolo. Hapo mtu amegeuzwa kitu au kijinyama. Lakini sikiliza kitenzi kinachofuata. Mara nyingi utasikia "mikia wamelala" na "makolo wamepigwa", yaani jina limewashusha lakini kitenzi kimewarudisha kuwa watu. Siku hasira ikipanda, kitenzi nacho kinageuka: "makolo yamelala", "mikia hii haina akili". Herufi chache tu zimebadilika, na mwenye sikio la Kiswahili anajua kwamba kejeli imeongezeka uzito. Nawashauri viongozi wa matawi wasikilize hapo kabla ya kusikiliza jina.

Simba yenyewe inajiita Mnyama, kwa fahari, na uwanja mzima unaitikia. Kwa hiyo kuitwa mnyama peke yake si tusi. Kinachoamua ni nani aliyechagua jina, na limeelekezwa kwa klabu au kwa mwili wa mtu mmoja. Vinícius Júnior, Mbrazili mweusi aliyekuwa akiichezea Real Madrid dhidi ya Valencia, aliitwa nyani kwenye uwanja wa Mestalla tarehe 21 Mei 2023, na Juni 2024 mashabiki watatu wa Valencia walihukumiwa kifungo cha miezi minane kwa tukio hilo. Hakuna ngeli wala utani unaoliokoa neno lile, kwa sababu lilimlenga mtu kwa rangi ya ngozi yake, jambo ambalo hakulichagua na hawezi kulijibu.

Nyimbo za jukwaani zina sheria zake za sauti, na sheria hizo zinaeleza kwa nini maneno fulani yanadumu na mengine yanakufa wiki ile ile. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Utopolo lina silabi nne na mkazo unadondoka kwenye "po". Makolo lina tatu, mkazo kwenye "ko". Mpiga ngoma anaweka kishindo kikubwa pale pale, na watu elfu kumi wanaweza kuingia pamoja bila mazoezi. "Kwa Mkapa hatoki mtu" ina silabi tisa na mikazo mitatu iliyo wazi, kwenye "ka", "to" na ile "m" ya mtu. Vyura lina silabi mbili tu, ni fupi mno kubeba mapigo, kwa hiyo haliimbwi peke yake. Huongezewa neno, "vyura hao", ili ngoma ipate pa kutua.

Muundo wenyewe ni wa kiitikio. Kuna mwanzishaji, mara nyingi mtu aliyesimama akiupa mgongo mchezo, kuna ngoma mbili tatu na tarumbeta, na kuna jukwaa linaloitikia. Mwanzishaji hubuni maneno, jukwaa halibuni. Lenyewe linapokea mdundo kwanza na maneno baadaye, na wengi walio mbali wanaimba wasichokisikia vizuri. Nitarudi kwa mwanzishaji na mpiga ngoma, maana hao ndio wanaoamua zaidi kuliko tangazo lolote la kipaza sauti.

Sasa utani. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi, na wengi tunalitamka neno hilo kama pambo la mtangazaji. Utani ni mkataba wa kweli uliokuwepo kabla ya mpira. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19, na kizazi kilichofuata kikageuza uadui ule kuwa utani: mtani anaweza kukukejeli hadharani, anaweza kuja msibani kwako na kuigiza marehemu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini una haki ya kulipa. Mtani asiyelipwa si mtani, ni mtu anayeonewa. Na mtani anayekukejeli msibani ndiye huyo huyo anayesaidia kuchimba kaburi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Kariakoo, mitaa ya karibu karibu, na uhusiano wao uliangukia kwenye mkataba huo huo. Familia moja ina baba wa Yanga na mtoto wa Simba, nao wanakula sahani moja.

Mkataba huo unaonekana vizuri kwenye hesabu ya mabao. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Siku hiyo na miezi iliyofuata, silaha ya Wananchi ilikuwa kiganja: vidole vitano juu, bila neno. Ukipita na jezi nyekundu, mtu anakunyanyulia mkono tu kama anakusalimia. Wanaopenda maneno walisema "mkono" au "khamsa". Hiki ni kejeli kamili. Kina ukweli ndani yake, maana tano zilifungwa kweli. Kinailenga timu. Na kina jibu. Shabiki wa Simba mwenye kumbukumbu anajibu kwa vidole sita, kwa sababu tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Akiona 1977 ni mbali, ana 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012. Wa Yanga naye atachimba 5-0 ya mwaka 1968, enzi ambazo Simba bado inaitwa Sunderland. Daftari hili halifungwi na hakuna anayebaki mikono mitupu. Kwa maoni yangu kipimo kizuri kuliko vyote ni hiki: je, anayeambiwa ana kitu cha uzito ule ule cha kurudisha? Kama anacho, mnataniana. Kama jibu lake pekee ni kunyamaza, kulia au kupiga, mmeshatoka nje ya utani.

Kipimo cha pili kinatoka kwenye fumbo. Kauli mbiu ya Yanga ni "Daima mbele, nyuma mwiko". Mwiko hapo ni katazo: kurudi nyuma hakuruhusiwi. Watani wakakumbuka kwamba mwiko pia ni kile cha kusongea ugali, na kejeli ikazaliwa. Tazama neno hilo hilo linavyosafiri. Shabiki wa Simba anaposema tu "wale nyuma mwiko", mtoto wa miaka minane anasikia kauli mbiu ya klabu, mtu mzima anasikia kingine, na kila mmoja anaweza kujifanya hajaelewa. Fumbo limemwachia mlengwa mlango wa kutokea, kama zinavyofanya jina la kanga au ubeti wa taarabu. Akichomeka mwiko wa mbao nyuma ya kiuno na kucheza, mlango umebanwa nusu, ingawa watu bado wanacheka pande zote mbili. Akimnyooshea kidole shabiki mmoja, akaongeza ishara ya mwili na kutaja tendo, fumbo limekufa. Hapo ni matusi ya nguoni, hata kama neno lililotamkwa ni lile lile lililoandikwa kwenye bango rasmi la klabu. Ndiyo maana nasema orodha ya maneno marufuku haisaidii: huwezi kuipiga marufuku kauli mbiu.

Na hapa ndipo linapokuja jambo ambalo naona tunalikosea kila siku. Tunapozungumzia matusi ya siku ya watani, tunawatazama Simba na Yanga wanavyosemana. Lakini wao wana kinga. Matusi mazito zaidi jukwaani huwaangukia wasio na mtani: mwamuzi, mshika kibendera, mchezaji mgeni, na kipa wa timu yako mwenyewe.

Mwamuzi hana daftari. Hawezi kunyanyua vidole sita. Anaingia uwanjani akiwa na wasaidizi wake wawili, na jukwaa zima, pande zote mbili kwa zamu, lina haki ya kumwambia lolote. Msamiati wake huanza mahali panapovumilika: "mnabebwa", au "mbeleko", yaani mwamuzi amemfunga mgongoni mtoto wake. Hiyo ni kejeli juu ya uamuzi, na ina fumbo. Hatua inayofuata ni "bahasha". Hapo umeshamtuhumu mtu kwa kosa la jinai, kwamba amepokea rushwa, na tuhuma haina fumbo hata ikiimbwa kwa mdundo. Baada ya bahasha huja mama yake. Mwanamke akichezesha, kama Jonesia Rukyaa ambaye amewahi kupewa mechi ya watani, ngazi mbili za mwanzo zinarukwa: kosa lake la kwanza linapelekwa moja kwa moja kwenye mwili wake, na uamuzi wenyewe hautajwi.

Kipa wa nyumbani ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu anayemtukana anavaa rangi yake. "Garasa" maana yake ni mchezaji asiye na thamani, karata isiyo na alama. Ni neno kali, lakini ni hukumu ya kazi, na mechi ijayo akiokoa penalti linafutika. "Ameuza mechi" halifutiki. Ukimwambia hivyo, kuokoa kwake wiki ijayo kunakuwa ushahidi kwamba wiki iliyopita alifungwa makusudi. Mchezaji anayekosolewa anaweza kujirekebisha, ila hakuna mazoezi yanayoweza kumsafisha aliyetuhumiwa kuuza. Mgeni kutoka Kongo au Burkina Faso yuko pabaya zaidi: akifunga ni mwananchi, akikosa anakumbushwa kwao, sura yake, na namna anavyokitamka Kiswahili.

Namna wimbo unavyoteleza inajulikana kwa yeyote aliyekaa karibu na ngoma. Huanza na matokeo: tano, mkono. Timu ikifungwa tena au mwamuzi akikataa bao, wimbo unahama kutoka timu kwenda kwa mtu, na jina lake linachukua nafasi ya jina la klabu. Bado si tusi, lakini lengo limeshapungua kutoka watu maelfu hadi mmoja. Kisha sifa inaongezwa kwenye jina: mzee, mnene, mweusi, wa kabila fulani. Kisha mama. Dalili zinakuja kabla ya neno lenyewe. Kicheko kinakoma, watu wanaanza kuimba meno yamebana. Kiitikio kinafupika, maana hasira haina pumzi ya mistari mirefu. Mikono iliyokuwa ikipiga makofi inanyooka, vidole vikielekea mahali pamoja. Na wanawake na watoto wa jukwaa hilo hilo wananyamaza. Jukwaa ambalo nusu yake imeacha kuimba tayari limeshaimba kitu kibaya, hata kama hukukisikia.

Kuukata wimbo wa namna hiyo kwa kupiga kelele "acheni matusi" hakujawahi kufaa. Sauti moja haishindani na elfu tano. Kinachofaa ni ngoma. Mpiga ngoma akibadilisha mapigo katikati ya kiitikio, maneno yanakosa pa kutua na wimbo unavunjika ndani ya sekunde chache. Asinyamaze kabisa, kwa sababu jukwaa litaendelea kwa makofi na maneno yatasikika wazi zaidi. Ahamie mdundo mwingine unaojulikana, wa polepole, wenye mistari mirefu ambayo haiwezi kuimbwa kwa hasira, na mwanzishaji aingie nao papo hapo kwa jina la klabu. Kwa hiyo makubaliano yanatakiwa yafanywe kabla ya mechi kati ya watu wawili tu, mwanzishaji na mpiga ngoma mkubwa: ishara ya mkono ni ipi, na wimbo wa kukimbilia ni upi. Njia hii ina kikomo. Inafanya kazi wimbo ukiwa bado unategemea ngoma. Ukishakuwa kelele za mtu mmoja mmoja kwenye ukingo wa jukwaa, hakuna cha kuvunja, na anayetakiwa ni msimamizi wa eneo hilo kumwondoa mtu huyo.

Kanuni za FIFA zina utaratibu wa hatua tatu dhidi ya vitendo vya ubaguzi viwanjani. Mwamuzi anasimamisha mechi na tangazo linatolewa; vikiendelea, anawatoa wachezaji uwanjani kwa muda; vikiendelea tena, mechi inavunjwa. Tangu mkutano mkuu wa Bangkok, Mei 2024, mchezaji anaweza kumpa mwamuzi taarifa kwa kukutanisha mikono na kuipishanisha kwenye vifundo. Mchezaji au kiongozi akipatikana na hatia ya ubaguzi, anakosa angalau mechi 10. Utaratibu huu ni mzuri, lakini ulitengenezwa kwa ajili ya ubaguzi: rangi, asili, dini, jinsia na mengine ya aina hiyo. Tusi la mama halimo kwenye hatua hizo tatu, linaangukia kwenye kanuni pana ya mwenendo usiofaa wa mashabiki, ambayo adhabu yake huiendea klabu wiki kadhaa baadaye. Tena mechi za kimataifa za Afrika zinachezeshwa na mwamuzi kutoka nchi nyingine. Asipojua Kiswahili, yeye anasikia ngoma na furaha. Tusi la nguoni la Kiswahili linampita sikioni, na mlengwa aliye Mtanzania, mita kumi kutoka kwake, amelisikia lote.

Majirani zetu Kenya wana mfano unaostahili kutazamwa pembeni ya huu wetu. Gor Mahia na AFC Leopards wanaitana mashemeji, na mechi yao ina jina hilo. Nao wamelificha jambo la hatari ndani ya undugu, na kwao hatari ni kubwa kuliko yetu, kwa kuwa klabu hizo zina mizizi ya Wajaluo na Waluhya. Simba na Yanga hazikujengwa juu ya makabila, kwa hiyo kabila halimo kwenye daftari la utani wao. Likiingia, basi limeletwa na mtu aliyeishiwa maneno ya mpira.

Simu zimeharibu jambo moja mahususi. Kejeli ya jukwaani inaishi dakika 90 na mbele ya mtu anayeweza kujibu. Ikirekodiwa, inakatwa mwanzo na mwisho. Kilichokuwa jibu kinaonekana kama uchokozi, na ishara ya mwiko iliyochezwa kati ya watani wawili waliokuwa wakicheka inatua kwenye simu ya mtu asiyejua walikuwa wakicheka. Mchezaji aliyekosa penalti anarudi nyumbani na ujumbe wenye jina la mama yake, kutoka kwa watu ambao hawana jezi, hawana sura, na ambao hawezi kuwanyanyulia vidole vyovyote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamhusu anayetuma ujumbe wa kutisha, kunyanyasa au kuumiza mtu kihisia, na haina msamaha wa siku ya mechi. Anayepokea ujumbe wa namna hiyo ahifadhi picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na saa kabla ya kumzuia mtumaji, kwa sababu akishafuta yeye au mwenzake, polisi hawana pa kuanzia. Na asijibu, jibu la hasira linamfanya mtumaji aseme walikuwa wakitaniana.